Mashine iliyonolewa kwa maandiko ya mtu mmoja: je, bado inanaswa?

Na Mwandishi Wetu

KWA muda sasa wahariri, walimu wa vyuo na wachapishaji wamezoea kulitazama andiko lenye kutia shaka kwa njia moja. Wanalipitisha kwenye programu ya kugundua maandishi ya kompyuta, wanasubiri sekunde chache, kisha wanasoma jibu: limeandikwa na mtu, au limeandikwa na mashine.

Mazoea hayo yalijengwa juu ya dhana kwamba mashine zote huandika kwa sauti moja. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Anayesoma kazi nyingi za ChatGPT na wenzake huanza kuitambua sauti hiyo: sentensi zilizopangwa kwa ulinganifu mno, mifano inayokwenda mitatu mitatu, maneno ya kupamba yasiyobeba kitu na hitimisho linalorudia yaliyokwisha semwa.

Lakini kuna mashine ya aina nyingine, isiyoandika kwa sauti hiyo hata kidogo. Nayo ni ile iliyochukuliwa ikanolewa upya kwa maandiko ya mtu mmoja tu, mpaka ikazoea kuandika kama yeye. Swali la makala haya ni je, vigunduzi vilivyopo bado vinafanya kazi mbele ya mashine ya namna hiyo?

Asilimia 97 hadi asilimia 3

Jibu lililo wazi kuliko yote lilipatikana Oktoba 2025, pale watafiti watatu wa Marekani, Tuhin Chakrabarty, Jane Ginsburg na Paramveer Dhillon, walipotoa matokeo ya jaribio lao juu ya waandishi 50 mashuhuri waliowahi kutunukiwa tuzo za fasihi.

Watafiti hao waliwapa kazi watu waliosomea uandishi wa kubuni katika ngazi ya shahada ya uzamili. Kila mmoja aliandika kipande kisichozidi maneno 450 kwa kuiga mtindo wa mwandishi aliyepangiwa. Kazi hiyo hiyo wakapewa ChatGPT, Claude na Gemini. Kisha vipande viliwekwa viwili viwili bila majina mbele ya wasomaji 159, baadhi yao wataalamu wa uandishi na wengine watu wa kawaida, nao wakachagua kipi kizuri zaidi na kipi kinafanana zaidi na mwandishi halisi.

Katika awamu ya kwanza mashine zilielekezwa kwa maneno na kupewa vielelezo tu, kama afanyavyo mtumiaji wa kawaida. Hapo wataalamu wa uandishi walizikataa kabisa. Waliona kazi ya binadamu ni bora, na ndiyo iliyomfuata mwandishi kwa karibu. Vigunduzi navyo vilifanya kazi yake barabara: vilitambua asilimia 97 ya maandishi hayo ya mashine.

Katika awamu ya pili watafiti waliinoa ChatGPT kwa kazi zote za mwandishi mmoja mmoja. Matokeo yakapinduka. Wataalamu wale wale sasa walielekea kuchagua kazi ya mashine, hasa katika kufanana kwa mtindo, ambako uwiano wa kuichagua ulikuwa mara 8 hivi. Ama vigunduzi, viliweza kutambua asilimia 3 tu.

Gharama nayo inafaa kutajwa. Kuinoa mashine kwa mwandishi mmoja na kuizalisha kazi iliyotakiwa kulichukua, kwa kipimo cha katikati, Dola za Marekani 81. Fedha hizo ziko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa chuo, sembuse kampuni.

Jambo moja halina budi kuzingatiwa kabla ya kuendelea. Jaribio hilo lilihusu Kiingereza, fasihi ya kubuni na vipande vifupi. Asilimia 3 isichukuliwe kuwa sheria ya maumbile itakayorudi vile vile kila mahali. Lililo muhimu ni mwelekeo wake na sababu yake.

Kunoa ni kufanya nini

Mashine ya lugha hufanya jambo moja: inapopewa maneno yaliyotangulia, hukadiria ni neno gani au kipande gani cha neno kinafuata, na kwa uwezekano kiasi gani. Ikipewa "mvua kubwa iliyonyesha", hutoa uzito mkubwa kwa "jana" au "usiku", na uzito mdogo sana kwa "kikombe". Uzito huo umehifadhiwa katika mabilioni ya namba zilizopatikana kwa kusomeshwa maandishi mengi ajabu.

Baada ya kusomeshwa hivyo, kampuni huifunza tena mashine iwe na adabu, ijibu maswali na iwapendeze wengi. Mafunzo hayo ya pili ndiyo chanzo kikubwa cha ile sauti moja. Mashine inajifunza kuchagua njia isiyomuudhi mtu yeyote, na njia hiyo inafanana popote ipitapo.

Kunoa ni mafunzo ya tatu. Maandiko ya mtu hukatwa vipande vya maneno mia chache, na kila kipande huandikiwa muhtasari mkavu wa yaliyomo. Halafu mashine hupewa muhtasari, hutakiwa iandike kipande, na namba zake husogezwa kidogo kidogo ili ilichoandika kikaribie kile alichoandika mwenyewe. Zoezi hilo hurudiwa kwa vipande vyote, mara kadhaa.

Si lazima kuzigusa namba zote. Katika njia iitwayo LoRA, ambayo watafiti wa Microsoft waliitangaza mwaka 2021, namba za awali huachwa zilivyo, na pembeni yake huongezwa sehemu ndogo inayofunzwa peke yake. Ndiyo maana kazi hii haihitaji tena majumba ya kompyuta. Mashine ndogo zilizo huru kupakuliwa hunolewa kwa kompyuta moja yenye kadi nzuri ya picha.

Kuhusu malighafi, hebu tupige hesabu. Mwandishi wa safu anayetoa maneno 800 kila wiki kwa miaka 10 amekwisha kuandika maneno yapatayo 416,000, na aghalabu yote yamo mtandaoni, yana tarehe na jina lake juu. Hapana haja ya kuiba chochote kutoka kabatini kwake.

Kwa nini kigunduzi hupofuka

Vigunduzi vimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza hupima jinsi maandishi yanavyotabirika. Kigunduzi hutumia mashine ya lugha kama mizani: hupita neno kwa neno na kuuliza, je, mimi ningelitarajia neno hili hapa? Maandishi ambayo kila neno lake lilitarajiwa hutiliwa shaka, kwa kuwa binadamu huwa na tabia ya kukosea matarajio hapa na pale. Kifaa cha GLTR cha mwaka 2019 na kile cha DetectGPT, kilichotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023, ni watoto wa ukoo huu.

Ukoo wa pili haupimi chochote kwa kanuni. Wenyewe ni mwanafunzi aliyeoneshwa maandishi mengi ya watu na mengi ya mashine, akaachwa atafute tofauti mwenyewe. Vigunduzi vya kibiashara vilivyo imara leo vingi ni vya aina hii, navyo kwa kweli vimepiga hatua kubwa tangu Julai 2023, wakati OpenAI ilipokiondoa kigunduzi chake yenyewe kwa kukosa usahihi.

Kunoa huziharibia koo zote mbili kazi, na kwa sababu ile ile. Mwandishi mwenye mtindo wake ni mtu ambaye chaguo lake la maneno halitabiriki kwa kipimo cha wengi. Mashine inapofunzwa kumfuata, inafunzwa kuchagua yale yale yasiyotarajiwa, hivyo mizani ya ukoo wa kwanza inaona binadamu. Mwanafunzi wa ukoo wa pili naye alifunzwa kuitambua sauti ya adabu, ambayo sasa imefutwa. Watafiti wa lile jaribio la 2025 walipochunguza kilichobadilisha uamuzi wa wasomaji waliona ni hilo: alama za mashine, mfano wingi wa misemo iliyochakaa, zilikuwa zimetoweka.

Kwa maneno mengine, vigunduzi havikuwahi kuitambua mashine yenyewe. Vilitambua vazi ambalo mashine hutoka nalo kiwandani.

Hali ni hiyo kwa macho ya binadamu pia. Utafiti wa Jenna Russell, Marzena Karpinska na Mohit Iyyer, uliotolewa mapema mwaka 2025, ulionesha kuwa watu wanaozitumia sana mashine hizi katika uandishi ni wagunduzi hodari: watano kati yao, kwa kura ya walio wengi, walikosea andiko moja tu kati ya 300. Ni rekodi ya kuheshimika. Lakini watu hao nao kwa sehemu kubwa walitegemea maneno na miundo ya ile sauti ya kiwandani. Andiko lisilo na vitu hivyo halimpi mgunduzi pa kushika.

Mwanafalsafa na vivuli vyake vinne

Jaribio la awali zaidi, na kwa maoni yetu lenye mafunzo makubwa zaidi, lilifanywa juu ya mtu mmoja ambaye alikuwa hai na aliyeridhia. Huyo ni Daniel Dennett, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Tufts aliyefariki dunia Aprili 2024.

Eric Schwitzgebel wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, pamoja na wenzake, waliinoa GPT-3 kwa sehemu kubwa ya vitabu na makala za Dennett. Kisha walimwuliza Dennett maswali 10 ya kifalsafa. Maswali hayo hayo wakaiuliza mashine, wakachukua majibu manne kwa kila swali. Hawakuchagua yaliyo mazuri. Waliondoa tu yale yenye kasoro zilizoonekana wazi, kwa mfano urefu usiolingana na wa jibu la Dennett. Wasomaji wakapewa majibu matano kwa kila swali, na kutakiwa kumtafuta Dennett.

Anayebahatisha hupata jibu moja kati ya matano, yaani asilimia 20. Watu wa kawaida hawakuzidi hapo kwa kiasi cha maana. Wataalamu 25 wa kazi za Dennett, ambao watafiti walitazamia wangepata asilimia 80, walipata asilimia 51. Katika maswali mawili kati ya 10, lilikuwapo jibu la mashine lililochaguliwa na wataalamu wengi kuliko jibu la Dennett mwenyewe.

Asilimia 51 inaweza kusomwa kwa namna mbili. Ni aibu kwa wataalamu waliomsoma mtu kwa miaka. Vile vile ni zaidi ya mara mbili ya kubahatisha, maana yake kuna kitu walichokiona ambacho wengine hawakukiona. Kitu hicho ni vigumu kukiita mtindo, kwani mtindo ndio hasa mashine iliopewa. Inaelekea zaidi ilikuwa hoja: je, mtu huyu kwa swali hili angekwenda upande huu? Tutalirudia jambo hilo.

Mhariri na maandiko 1,000

Sasa tuiweke namba ya asilimia 3 mezani mwa mhariri. Tuchukue mfano wa kubuni wa chombo chenye maandiko 1,000, ambapo 100 yametoka katika mashine zilizonolewa na 900 yameandikwa na watu. Tuseme pia kigunduzi ni kizuri sana, kinamsingizia mtu mara moja tu kati ya 100.

Kati ya maandiko 900 ya watu, 9 yatasingiziwa. Kati ya 100 ya mashine, 3 yatanaswa. Mhariri atakuwa na maandiko 12 yenye alama nyekundu, na 9 kati ya hayo ni ya watu wasio na hatia. Yaani akimwita mwandishi ofisini kwa ushahidi huo peke yake, kwa kila mara nne atakuwa amekosea mara tatu.

Upande wa pili, maandiko 988 yamepita salama, na ndani yake 97 ni ya mashine, sawa na asilimia 9.8. Kabla ya kupima alikuwa na shaka ya asilimia 10. Kipimo kimempunguzia shaka kwa sehemu mbili za kumi ya asilimia moja, kitu ambacho hakitoshi hata kulipia umeme.

Kuna watu ambao kwao hesabu huwa mbaya zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba vya wakati huo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na watu wasiozaliwa na lugha hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilidaiwa kuwa za mashine. Mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi anayepeleka makala ya Kiingereza ng'ambo anapaswa kulijua hilo. Vigunduzi vya leo ni bora kuliko vya wakati ule, lakini aliyesingiziwa hana mahali pa kukata rufani zaidi ya kuonesha rasimu zake.

Kupima mtindo: silaha yenye makali mawili

Wapo wanaosema kwamba kama vigunduzi vimeshindwa, turudi katika elimu ya zamani ya kupima mtindo. Elimu hiyo ina sifa zake. Ndiyo iliyosaidia mwaka 2013 kuthibitisha kuwa riwaya ya upelelezi iliyotolewa kwa jina la Robert Galbraith ilikuwa ya J. K. Rowling.

Njia inayotumika sana iliwekwa na John Burrows wa Australia mwaka 2002. Haitazami maneno makubwa, ambayo kila mtu anaweza kuyaiga. Hutazama maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kuyafikiria, huyahesabu katika kila maneno 1,000, kisha hupima yamesogea kiasi gani kutoka wastani wa waandishi wengine.

Mfano wa kubuni utasaidia. Tuseme katika kundi la waandishi wa safu, "kwamba" hutokea mara 6 katika maneno 1,000, na mtawanyiko wa kawaida ni 2. Mwandishi wetu huitumia mara 9, yaani yuko juu ya wastani kwa 1.5. Andiko linaloshukiwa limeitumia mara 5, yaani liko chini kwa 0.5. Tofauti ni 2. Neno "kwani" wastani wake ni 2 na mtawanyiko 1. Mwandishi wetu hulitumia 0.5, andiko limelitumia 2. Tofauti ni 1.5. Neno "lakini" linatoa tofauti ya 0.5. Wastani wa tofauti tatu hizo ni 1.33. Ikiwa makala za mwandishi huyo zenyewe kwa zenyewe hazitofautiani zaidi ya 0.9, basi 1.33 ni sababu ya kuuliza maswali.

Kiswahili kina ugumu wake hapa. Sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na maneno madogo ya Kiingereza, sisi huifanya kwa viambishi ndani ya kitenzi. Anayeandika "mtu aliyekuja" na anayeandika "mtu ambaye alikuja" wanatofautiana kimtindo, lakini programu inayohesabu maneno mazima haiwezi kuona tofauti hiyo vizuri. Aidha neno "kuwa" ni kiunganishi mahali pengine na kitenzi mahali pengine, na kompyuta huyajumlisha pamoja. Anayetaka kufanya kazi hii kwa Kiswahili hana budi kuhesabu vipande vya herufi au kuvichambua viambishi kwanza.

Kikwazo kikubwa zaidi ni urefu. Maciej Eder, mtaalamu wa Poland, alionesha kuwa kwa usahihi wa kuaminika riwaya huhitaji sampuli ya maneno kama 5,000. Safu ya gazeti ina 800. Tazama kinachotokea: mwandishi wa mfano wetu hutumia "kwani" mara 0.5 kwa maneno 1,000, hivyo katika makala moja huenda lisitokee kabisa, au likatokea mara moja. Likitokea mara moja tu, kiwango kinaruka kutoka 0 hadi 1.25. Hatia ya mtu haiwezi kutegemea kiunganishi kimoja.

Tena, na hapa ndipo silaha inapogeukia aliyeishika, kipimo hiki huuliza "je, andiko linafanana naye?" Mashine iliyonolewa imefunzwa ijibu swali hilo hilo kwa "ndiyo". Uwiano wa "kwamba" na "kwani" ni katika mambo ya mwanzo inayoyaokota. Hata binadamu wasio na utaalamu waliwahi kukishinda kipimo hiki: katika utafiti wa Michael Brennan na Rachel Greenstadt wa Chuo Kikuu cha Drexel, mwaka 2009, watu wa kawaida walioombwa kumwiga Cormac McCarthy waliweza kuzilaghai njia kadhaa za kutambua mwandishi.

Kipimo cha mtindo basi kinabaki na manufaa upande mmoja tu. Andiko likikataa kufanana na mwenyewe, una habari. Likifanana, huna habari yoyote.

Kilichobaki

Kunako mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walithibitisha kihisabati jambo ambalo msomaji ameshalihisi: kadiri maandishi ya mashine yanavyozidi kukaribia ya binadamu, ndivyo kigunduzi bora kuliko vyote kinavyokaribia kurusha sarafu. Mwaka huo huo watafiti wengine walijibu kwamba ukaribu si usawa, na kwamba tofauti ndogo hufichuka ukiwa na sampuli nyingi.

Jibu hilo la pili lina uzito katika mashine ya mtu mmoja, kwa sababu anayeitumia hasaini makala moja tu. Tuseme mpimaji wako hupatia mara 60 kati ya 100 kwa makala moja, ambayo ni kidogo mno kumshitaki mtu. Ukichukua makala 31 za jina lile lile na kufuata kura ya walio wengi, usahihi unafika asilimia 87 hivi. Ukichukua 101, unafika 98. Sharti lake ni kwamba makosa ya mpimaji yasiwe yanajirudia kwa sababu moja, na katika maisha mara nyingi hujirudia.

Inawezekana pia kujinoa kama adui anavyojinoa. Gazeti lenye maandiko yote ya mwandishi wake linaweza kutengeneza nakala bandia zake na kufunza kigunduzi kwa nakala hizo. Kitafanya kazi vizuri dhidi ya mashine iliyotumika kukifunza. Dhidi ya mashine nyingine, iliyojengwa juu ya msingi tofauti, hakuna dhamana.

Alama ya siri inayopachikwa katika uteuzi wa maneno, kama ile ya Google iitwayo SynthID iliyoelezwa katika jarida la Nature mwaka 2024, ni njia imara zaidi kwa sababu haitegemei mtindo. Lakini alama huwekwa na mwenye mtambo. Anayepakua mashine huru na kuinoa nyumbani kwake hawezi kulazimishwa kuiweka. Vivyo hivyo kwa pendekezo kwamba kampuni zihifadhi kila kilichozalishwa ili kitafutwe baadaye: hufaa pale tu mnolewaji anapokaa kwenye mitambo ya kampuni.

Kinachobaki mkononi mwa mhariri ni kile kilichowasaidia wataalamu wa Dennett, yaani maudhui. Kunoa hufundisha namna ya kusema kwa urahisi kuliko kinavyofundisha jambo la kusema. Mashine inajua kwamba mwandishi huyu hupenda kumtaja mzee wa mtaani aliyemwambia jambo; haina mzee. Inajua kwamba hutaja takwimu katika aya ya tatu, itatunga takwimu. Na imefungwa katika miaka ya maandiko iliyolishwa, wakati mwandishi mwenyewe amebadili mawazo, amehama mtaa, ameacha kutumia neno fulani.

Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapisha orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa likizo, iliyotoka kwa msambazaji wa nje. Vitabu 10 kati ya hivyo havikuwapo duniani, ingawa majina ya waandishi yalikuwa ya kweli. Mashine iliyotumika haikuwa imenolewa kwa mtu yeyote, lakini namna ilivyonaswa inahusu. Hakikuwa kigunduzi kilichoifichua. Ni watu waliotafuta vitabu wasivipate.

Kwa andiko moja la maneno 800, simu mbili kwa watu waliotajwa ndani yake hueleza mengi kuliko programu yoyote iliyotajwa hapo juu. Rasimu nazo zina thamani, hasa zile zinazohifadhiwa na programu ya kuandikia pamoja na saa ya kila badiliko, ijapokuwa anayetaka kudanganya anaweza kuketi na kuinakili kazi ya mashine kwa mkono, sentensi baada ya sentensi.

Baadhi ya waandishi wa safu wameanza kuuliza swali la kinyume, ambalo vigunduzi havikuundwa kulijibu: makala ikitokea kesho yenye jina langu, sauti yangu na "kwamba" zangu zote, ambayo sikuiandika, nitathibitishaje? Aliye na daftari la mahojiano, kanda za sauti na barua pepe alizotuma kwa mhariri wake kwa tarehe ana pa kuanzia. Aliyekuwa akiandika kutoka kichwani na kufuta rasimu kila Ijumaa hana.